Kutunga Maswali ya Ufahamu ya Viwango Vinne kwa Hadithi Fupi: Kutoka Kukumbuka hadi Kutoa Maoni

Walimu wengi tunapotunga maswali ya ufahamu huanza na sentensi ya kwanza ya hadithi, tukaigeuza kuwa swali, kisha tukaendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa. Matokeo yake ni maswali kumi yanayouliza nani, wapi na lini, na moja la mwisho lisemalo "Umejifunza nini katika hadithi hii?" Mwongozo huu unafuata njia nyingine: tunaanza na swali gumu kuliko yote, lile la maoni, kisha tunarudi nyuma kutunga yale yatakayomfikisha mwanafunzi hapo. Nimeulenga kwa darasa la sita au la saba, ingawa utaratibu wenyewe unafaa pia kwa kidato cha kwanza ukichagua hadithi ndefu kidogo.

Mafunzo mengi ya ualimu hutaja ngazi sita za kufikiri za Benjamin Bloom na wenzake za mwaka 1956, ambazo Lorin Anderson na David Krathwohl walizipanga upya mwaka 2001. Ngazi hizo zilikusudiwa masomo yote. Kwa usomaji peke yake, mpango wa Thomas Barrett wa mwaka 1968 una manufaa zaidi kwa mwalimu wa lugha, kwa sababu unatazama uhusiano wa jibu na maandishi yaliyosomwa. Hapa natumia viwango vinne vinavyotokana na fikra hiyo: jibu lililoandikwa wazi mahali pamoja, jibu lililoandikwa lakini limetawanyika, ambalo msomaji hulikusanya na kulipanga, jibu ambalo halikuandikwa bali limedokezwa, na jibu ambalo ni uamuzi wa msomaji mwenyewe akiutetea kwa hadithi. Kiwango cha swali huamuliwa na mahali jibu linapopatikana. Neno linaloanzisha swali halikiamui. "Kwa nini" ni swali la kukumbuka tu ikiwa mwandishi amekwisha kuandika "kwa sababu" katika aya ya pili.

Ili tusizungumze hewani, hii hapa hadithi fupi niliyoiandika kwa ajili ya mwongozo huu. Maswali yote yatatoka humu.

Redio ya Babu

Redio ya betri ya babu ilinyamaza wiki ya kwanza ya mvua. Babu aliigonga ubavuni, akaitegea sikio, kisha akaifunika kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati. "Asiiguse mtu," alisema.

Jumamosi asubuhi, babu alipokwenda shambani, Kombo alipanda juu ya kiti, akaishusha redio na kuifungua kwa ncha ya kisu cha jikoni. Ndani aliona waya mmoja mwekundu umeachia. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichagua mchele. Aliinua macho, akamwona, akainama tena kwenye ungo wake.

Kombo alipoupachika waya mahali pake, sauti ilirudi. Alianza kuifunga redio haraka haraka. Skrubu moja ilikuwa bado mkononi mwake babu alipobisha hodi uani. Kombo akaifumbata.

"Nani ameitengeneza?" babu aliuliza.

"Labda unyevu umekauka," bibi alijibu bila kuinua macho.

Babu alipitisha kidole nyuma ya redio, polepole, kutoka tundu hadi tundu. Kidole kikasimama kwenye tundu la nne. Akamtazama Kombo, asiseme neno. Akavuta kiti, akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho.

Jumapili asubuhi, juu ya meza palikuwa na saa ya ukutani iliyokwama siku nyingi, na kando yake bisibisi mpya. "Nakwenda shambani," babu alisema. Akachukua jembe, akatoka.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali mwandishi aliponyamaza

Kabla ya kuandika swali lolote, isome hadithi ukiwa na kalamu ya risasi mkononi, na uweke alama kila mahali ambapo mhusika anatenda jambo bila kuelezwa sababu. Katika hadithi yetu mahali hapo ni patatu. Bibi anamwona Kombo na kuinama tena. Kidole cha babu kinasimama. Saa mbovu na bisibisi mpya vinaonekana mezani bila maelezo. Hapo ndipo maswali ya kudokeza na ya maoni yatakapotoka, kwa sababu ndipo msomaji analazimika kuongeza kitu kutoka kichwani mwake.

Ikiwa umeisoma hadithi yako mara mbili na hukupata mahali pa namna hiyo hata pamoja, usiilazimishe. Hadithi inayoeleza kila hisia ya mhusika na kumalizia kwa kutaja funzo lake haiwezi kuzaa swali la juu ambalo ni la kweli. Tumia nyingine, au futa sentensi ya mwisho inayotaja funzo, ikiwa hadithi ni ya kwako na una uhuru wa kuibadilisha. Mara nyingi kufuta sentensi hiyo moja kunatosha.

Hatua ya pili: andika swali la maoni kwanza

Swali la maoni lazima litimize masharti mawili. La kwanza ni kwamba lisijibike bila kusoma hadithi. "Je, ni vizuri kusema uongo?" halifai, kwa kuwa mwanafunzi aliyelala wakati wa kusoma atajibu "Hapana, kwa sababu ni dhambi" na hutakuwa na namna ya kumnyima alama. La pili ni kwamba pande zote mbili ziwe na utetezi ndani ya hadithi. Kulijua hilo ni rahisi: keti uandike wewe mwenyewe jibu la "ndiyo" na jibu la "hapana," kila moja kwa sentensi tatu. Ukishindwa kuandika mojawapo kwa moyo mmoja, basi hilo si swali la maoni. Ni swali lenye jibu moja ambalo umelivalisha nguo za maoni, na wanafunzi hulitambua upesi. Wataandika wanachodhani mwalimu anataka.

Kwa hadithi yetu nimechagua hili: "Je, bibi alifanya vyema kumjibu babu vile alivyomjibu? Tetea maoni yako kwa mambo mawili kutoka katika hadithi." Upande wa "ndiyo" unaweza kusema kwamba bibi alimlinda mtoto ambaye hakuharibu kitu bali alikitengeneza, na kwamba aliposema "labda" alimwachia babu nafasi ya kugundua mwenyewe bila hasira. Upande wa "hapana" unaweza kusema kwamba babu alikuwa amekataza waziwazi, na kwamba bibi alimwonyesha mjukuu namna ya kukwepa ukweli, ilhali babu mwenyewe, kama inavyoonekana Jumapili, hakuwa mtu wa kuogopwa kiasi hicho. Pande zote mbili zinasimama, kwa hiyo swali linafaa.

Sasa orodhesha kwenye karatasi ya pembeni mambo ambayo mwanafunzi lazima ayajue ili alijibu swali hili. Lazima ajue kwamba babu alikataza redio isiguswe. Lazima ajue Kombo alifanya nini hasa, na kwamba redio ilipona kwa sababu ya waya. Lazima aone kwamba maneno ya bibi hayalingani na alichokiona. Lazima afahamu kwamba babu aligundua, na kwamba saa na bisibisi ni jibu la babu. Orodha hiyo fupi ndiyo mpango wa maswali yote yaliyobaki. Jambo lisilomo humo, kama vile rangi ya waya au siku ambayo babu alikwenda shambani, haliulizwi.

Hatua ya tatu: maswali ya kukumbuka

Kwa kuwa orodha imekwisha kuandaliwa, maswali haya huandikwa kwa dakika chache. "Babu alitoa agizo gani kuhusu redio yake?" na "Kombo aliona hitilafu gani ndani ya redio?" yanatosha. Mawili yanatosha kweli. Hatari ya kiwango hiki ni kwamba mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kuelewa lolote. Soma sentensi hii isiyo na maana: "Chimbeta alilifutuka rubelo lake pombosini." Sasa jibu: Chimbeta alilifutuka rubelo lake wapi? Pombosini. Umepata, na hujui umesema nini. Mtoto anayefahamu muundo wa sentensi za Kiswahili hufanya hivyo hivyo: hutafuta neno la swali katika kifungu, akanakili kilichofuata.

Dawa yake ni kuuliza kwa maneno tofauti na yaliyomo katika hadithi. Hadithi haikutumia neno "hitilafu" wala "agizo." Mwanafunzi atalazimika kujua kwamba "Asiiguse mtu" ni agizo, na kwamba waya ulioachia ni hitilafu. Angalia tu kwamba neno lako jipya si gumu kuliko neno la hadithi, maana hapo utakuwa umepima msamiati wa swali badala ya ufahamu wa kifungu.

Hatua ya nne: maswali ya kukusanya na kupanga

Kiwango hiki mara nyingi husahaulika, na kukikosa ndiko kunakofanya wanafunzi wajikwae wanapofika kwenye maswali ya kudokeza. Hapa jibu limo katika hadithi, lakini halimo mahali pamoja. Mwanafunzi huchukua jambo moja kutoka aya ya pili na jingine kutoka aya ya tano, akayaweka kando kando.

Swali la kwanza la kiwango hiki ni la mfuatano: "Eleza kwa maneno yako mwenyewe mambo aliyoyafanya Kombo tangu babu alipoondoka hadi aliporudi." Maneno "kwa maneno yako mwenyewe" yawe na uzito katika usahihishaji, la sivyo usiyaandike. Swali la pili ni la kulinganisha: "Maelezo aliyoyatoa bibi kwa babu yanatofautiana vipi na alichokiona asubuhi?" Hili ndilo swali ninalolithamini zaidi katika karatasi nzima. Halimwambii mwanafunzi kwamba bibi alisema uongo. Linamwekea tu mambo mawili mkononi, na bila hayo swali la maoni halishikiki.

Hatua ya tano: maswali ya kudokeza

Jibu la swali la kudokeza hujengwa kwa vitu viwili: kidokezo kilichoandikwa, na jambo ambalo msomaji analijua kutokana na maisha. Kidole kilisimama kwenye tundu la nne. Msomaji anajua kwamba matundu ya nyuma ya redio huwa na skrubu. Kombo amefumbata skrubu moja. Kwa hiyo babu ameelewa kwamba redio imefunguliwa.

Kosa la kawaida hapa ni kulitoa jibu ndani ya swali. Rasimu ya mwanzo ingeweza kuwa: "Babu alijuaje kwamba Kombo ndiye aliyeifungua redio?" Swali hilo limekwisha kumwambia mwanafunzi kwamba babu alijua, na kwamba alimjua mhusika. Kilichobaki ni kutafuta mstari wenye neno "kidole." Afadhali: "Kidole cha babu kilisimama kwenye tundu la nne. Unadhani alielewa nini wakati huo? Ni nini katika hadithi kinachokufanya udhani hivyo?" Sehemu ya pili ya swali isiachwe kamwe. Bila hiyo, mwanafunzi aliyebahatisha na aliyefikiri watapata alama sawa.

Swali la pili la kudokeza linahusu mwisho: "Kwa nini babu aliacha saa na bisibisi mezani siku ya Jumapili? Taja vidokezo viwili." Kabla ya kuliweka katika karatasi, hakikisha vidokezo viwili vipo kweli. Hapa vipo zaidi ya viwili: saa ilikwama siku nyingi lakini imetolewa siku moja tu baada ya redio kupona, bisibisi ni mpya, na safari iliyopita Kombo alitumia kisu, babu anatangaza kwamba anakwenda shambani, na ni alipokuwa shambani ndipo Kombo alipoifungua redio. Kidokezo kikiwa kimoja tu, punguza ombi lako hadi kimoja, au mwanafunzi mwangalifu atapoteza dakika kumi akitafuta kisichokuwepo.

Kuna jambo moja la mazingira lisisahauliwe. Mwanafunzi asiyewahi kuona nyuma ya redio au kifaa kama hicho hatajua kwamba matundu yale ni ya skrubu, na atakosa swali si kwa sababu hawezi kufikiri. Ikiwa una wasiwasi, onyesha kifaa chochote chenye skrubu nne darasani kabla ya kusoma, bila kuihusisha na hadithi.

Hatua ya sita: karatasi na alama

Karatasi iliyokamilika ni hii, yenye alama 15:

1. Babu alitoa agizo gani kuhusu redio yake? (alama 1)
2. Kombo aliona hitilafu gani ndani ya redio? (alama 1)
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mambo aliyoyafanya Kombo tangu babu alipoondoka hadi aliporudi. (alama 2)
4. Maelezo aliyoyatoa bibi kwa babu yanatofautiana vipi na alichokiona asubuhi? (alama 2)
5. Kidole cha babu kilisimama kwenye tundu la nne. Unadhani alielewa nini wakati huo? Ni nini katika hadithi kinachokufanya udhani hivyo? (alama 2)
6. Kwa nini babu aliacha saa na bisibisi mezani siku ya Jumapili? Taja vidokezo viwili. (alama 3)
7. Je, bibi alifanya vyema kumjibu babu vile alivyomjibu? Tetea maoni yako kwa mambo mawili kutoka katika hadithi. (alama 4)

Soma orodha yote tena ukitafuta swali linalofichua jibu la jingine. Kama swali la 7 lingesema "kumdanganya babu," swali la 4 lingekuwa limejibiwa. Ndiyo maana limeandikwa "kumjibu babu vile alivyomjibu," ingawa sentensi imekuwa nzito kidogo.

Swali la maoni huwasumbua wasahihishaji kwa sababu hawana jibu moja la kulinganisha. Usitoe alama kwa upande aliouchagua mwanafunzi. Toa alama 1 kwa msimamo unaoeleweka na unaohusu kitendo cha bibi, alama 2 kwa mambo mawili ya kweli kutoka katika hadithi yanayoutetea msimamo huo, na alama 1 ikiwa ameonyesha kwamba anatambua upande wa pili una hoja. Wanafunzi waambiwe mapema kuhusu alama hiyo ya mwisho, maana si haki kudai jambo ambalo swali halikulitaja.

Chukua majibu matatu ya mfano. La kwanza: "Hapana, kwa sababu uongo ni mbaya na watoto wasifundishwe uongo." Hili linapata alama 1, msimamo upo, hadithi haipo. La pili: "Ndiyo, kwa sababu Kombo hakuharibu redio, aliitengeneza." Linapata 2, kwa kuwa lina jambo moja la hadithi. La tatu: "Babu alikuwa amekataza, kwa hiyo bibi alipaswa kusema kweli. Lakini alitaka kumlinda mjukuu wake. Mimi naona hakufanya vyema, kwa sababu babu aligundua mwenyewe na hakumgombeza mtu, akampa bisibisi. Hakukuwa na haja ya kumficha." Hilo linapata alama zote 4, hata kama mwalimu mwenyewe yuko upande wa bibi, na hata kama lina makosa mawili matatu ya tahajia. Tahajia ipimwe katika imla na insha.

Hatua ya saba: jaribu maswali kabla ya kuyatumia

Mpe mwalimu mwenzako, au mwanafunzi wa darasa la juu, karatasi ya maswali bila hadithi. Mwombe ajibu anayoyaweza. Swali lolote atakalolijibu sawasawa halipimi ufahamu wa hadithi hii, nawe unapaswa kuliandika upya. Kisha mpe hadithi, na umwombe aweke kidole kwenye mstari alikolitoa kila jibu. Kwa swali la 1 na la 2 ataweka kidole kimoja. Kwa la 3 na la 4 atahitaji zaidi ya mahali pamoja. Kwa la 5 na la 6 atakuonyesha mistari, kisha atasema kitu ambacho hakimo katika mistari hiyo. Swali ulilodhani ni la kudokeza likijibiwa kwa kidole kimoja tu, limeshuka kiwango bila wewe kujua.

Baada ya darasa kufanya zoezi, jumlisha alama kwa swali badala ya kwa mwanafunzi. Wengi wakipata la 1 na la 2 lakini wakakosa la 4, tatizo ni kuunganisha aya, na dawa yake ni mazoezi zaidi ya kiwango cha pili kabla ya kuwaongezea maswali ya kudokeza. Wakipata la 4 na wakakosa la 5, waulize kwanza maana ya "akaifumbata." Huenda hawakujua kwamba skrubu ilibaki mkononi, na hapo kilichokosekana ni neno moja tu. Wakipata la 5 na la 6 lakini jibu la 7 likawa mstari mmoja, wanajua kusoma lakini hawajazoea kuulizwa wanaona nini. Kwa darasa la namna hiyo, fanya swali la maoni kwa mdomo: wagawe wanaosema "ndiyo" upande mmoja wa chumba na wanaosema "hapana" upande wa pili, kila anayezungumza asome kwanza mstari wa hadithi anaoutegemea, kisha ndipo waketi waandike.